Nani afungue chaneli, nani alete mgeni, nani aweke apu: kupanga vyeo vya Slack katika ofisi ya forodha Mombasa

Ofisi ya uwakala wa forodha haina siri nyingi, lakini zile chache ilizo nazo ni za pesa: bei anayotozwa kila mteja, malipo ya mwenye malori, na ankara ya bidhaa iliyoambatanishwa na hati ya shehena. Ndiyo maana ofisi kama hiyo inapohamisha mazungumzo yake kutoka WhatsApp kwenda Slack, programu ya mazungumzo ya kazini yanayogawanywa katika chaneli, swali la nani ana ruhusa gani huja mapema. Kwenye kundi la WhatsApp kuna admini na wengine wote, basi. Slack ina ngazi zaidi, na mipangilio inayokuja nayo siku ya kwanza imeachwa wazi kuliko wengi wanavyodhani.

Tuchukue ofisi ya mfano karibu na Moi Avenue. Ina wafanyakazi 14: wanaojaza nyaraka kwenye mfumo wa forodha, vijana wawili wanaoshinda bandarini Kilindini, mhasibu, watu wa kutafuta wateja, na mama mwenye kampuni. Wateja wake wengi wako Kampala na Kigali, nao huuliza swali moja asubuhi na jioni: mzigo umefika wapi? Ofisi inalipia Slack. Hilo lina uzito, kwa sababu akaunti za wageni hazipo kwenye mpango wa bure. Kama hamlipi, soma sehemu ya chaneli na ya apu. Ya wageni isubiri.

Anza na mwenye ufunguo

Fungua Slack kwenye kompyuta, si kwenye simu. Bofya jina la ofisi yenu juu kushoto, nenda `Tools & settings`, kisha `Manage members`. Utaona orodha ya watu wote, na mbele ya kila mmoja aina ya akaunti yake.

Mtafute kwanza `Primary Owner`. Huyu ni mmoja tu, na kwa kawaida ni yule aliyeifungua Slack yenu siku ya kwanza. Ni yeye peke yake awezaye kuifuta ofisi nzima ya Slack, na yeye peke yake awezaye kumkabidhi mwingine cheo hicho. Mara nyingi utamkuta ni kijana wa kompyuta aliyeitwa kusaidia, tena alijisajili kwa barua pepe yake binafsi. Hana ubaya wowote, lakini akipata kazi kwingine na kuacha kuifungua barua pepe ile, itabidi mwandikiane na Slack wenyewe kuthibitisha nyinyi ni nani. Mwambieni akabidhi sasa, akiwa bado yuko ofisini, na cheo kiende kwa mwenye kampuni kwa barua pepe ya kampuni.

Chini yake kuna `Workspace Owner`, anayeweza karibu kila kitu kingine, ikiwemo malipo na namna watu wanavyoingia. Wawili wanatosha: mama mwenye kampuni na mtu mmoja anayeelewa mitambo. Halafu `Workspace Admin`, ambaye kazi yake ni watu na chaneli za kila siku. Mpe cheo hiki yule ambaye tayari watu humfuata wakikwama, na mwenzake mmoja wa kumshikia zamu. Waliobaki wote ni wanachama wa kawaida. Katika ofisi ya watu 14, admini wanane ni dalili kwamba kila aliyeomba kitu alipewa cheo badala ya kusaidiwa kile alichoomba.

Chaneli: acha wazi, ila panga majina

Rudi `Tools & settings`, fungua `Workspace settings`, kisha kichupo cha `Permissions`. Shuka hadi `Channel Management` ubofye `Expand`. Hapo utaona nani anaruhusiwa kufungua chaneli za wazi, nani za faragha, nani anaweza kuziweka kwenye kumbukumbu, na mengine ya aina hiyo. Ukibadilisha chochote, bofya `Save`. Ukitoka bila kubofya, hakuna kilichobadilika.

Slack ikiwa mpya, mwanachama yeyote anaweza kufungua chaneli za wazi na za faragha, na wageni hawawezi kufungua za wazi. Maoni yangu ni kuacha hivyo hivyo. Najua wakubwa wengi hapa ndipo wanapotaka kukaza kamba kwanza, kwa kuogopa chaneli kuzagaa. Lakini chaneli iliyozidi haimuumizi mtu, unaiweka kwenye kumbukumbu na mazungumzo yake yanabaki ya kusomwa. Kinachoumiza ni kijana aliyeko bandarini saa kumi na mbili jioni, kontena imekwama, anataka mahali pa kuzungumza na watu watatu, na admini ameshapanda matatu ya Likoni. Atafungua kundi la WhatsApp, na kuanzia hapo picha za nyaraka zitakuwa huko.

Cha kukaza ni kile kinachoweza kukatisha kazi ya wengine. Kuweka chaneli kwenye kumbukumbu waachie admini na wenye ofisi. Halafu elewa jambo moja kuhusu chaneli ya faragha: admini hasomi yaliyomo kwa sababu tu ya kuwa admini. Asipoalikwa ndani, haoni. Kwa hiyo mambo ya mteja yakiwekwa kwenye chaneli ya faragha ya watu wawili na wote wawili wakawa likizo, ofisi imefungiwa nje ya kazi yake yenyewe.

Majina ndiyo yatakayofanya kazi ambayo wengine hutaka ifanywe na vizuizi. Slack inataka majina ya herufi ndogo bila nafasi kati, basi tumieni kianzio. Chaneli ambayo mteja yumo au ataingia ianze na `mteja-`, mfano `mteja-kampala-matairi`. Chaneli ya wafanyakazi peke yao ianze na `ndani-`, kama `ndani-bei` au `ndani-malori`. Faida yake utaiona katika sehemu inayofuata: mtu anayetaka kuandika bei ya lori ataliona jina la chaneli kabla vidole havijamponyoka.

Wageni: hapa ndipo pa kwenda polepole

Kosa kubwa hutokea kabla hata neno mgeni halijatajwa. Mfanyakazi anabofya jina la ofisi, anachagua kualika watu, anaandika barua pepe ya mteja na kutuma. Fomu ile, usipoigusa, humwalika mtu kama mwanachama kamili. Mteja anaingia Slack yenu, anaziona chaneli zote za wazi, anafungua `ndani-bei`, na kusoma anachotozwa mshindani wake wa mtaa wa pili. Hakuna kengele inayolia, wala hajavunja mlango, amepewa ufunguo. Mtakachokiona ni jina moja la ziada kwenye ankara ya Slack, na orodha ya `Manage members` ikionyesha mtu wa nje aliyesajiliwa kama mfanyakazi.

Dawa iko kwenye ukurasa ule ule wa mipangilio. Katika `Permissions` tafuta sehemu ya `Invitations` uwashe sharti la kila mwaliko kupitishwa na admini. Baada ya hapo mwanachama anaweza kuomba, lakini haalikwi mtu mpaka admini akubali. Maombi yanaweza kuletwa kwenye chaneli mtakayochagua. Ifungueni maalumu, `ndani-mialiko`, ili admini mmoja akiwa kwa fundi wa gari mwenzake aone. Kuwaalika wageni ni kazi ya wenye ofisi na admini tangu mwanzo, kwa hiyo hapo hakuna cha kubadilisha.

Sasa aina za wageni. Wako wawili. `Single-Channel Guest` anaona chaneli moja tu. `Multi-Channel Guest` anaona chaneli zile mlizomwekea, ziwe mbili au kumi. Wote wawili hawawezi kuvinjari chaneli nyingine, na wanaweza kumwandikia ujumbe wa pembeni mtu walio naye kwenye chaneli moja. Tofauti ya pili ni ya mfukoni: wa chaneli nyingi analipiwa sawa na mfanyakazi, wa chaneli moja halipiwi. Kwa kila mwanachama mmoja anayelipiwa, Slack inaruhusu wageni watano wa chaneli moja. Ofisi yetu ya watu 14 ina nafasi ya wageni 70 bila kuongeza shilingi.

Hesabu hiyo ndiyo inayopaswa kuamua umbo la chaneli zenu, na wengi huipuuza. Mazoea ya kazi hii ni kufungua faili moja kwa kila mzigo, kwa hiyo watu hutaka chaneli moja kwa kila mzigo pia. Mteja wa matairi akiwa na kontena tatu baharini, atahitaji chaneli tatu, na hapo hapo amekuwa mgeni wa kulipiwa. Mfungulie mteja chaneli moja, na ndani yake kila mzigo uwe na uzi wake: ujumbe wa kwanza uwe nambari ya hati ya shehena na ya kontena, na kila habari ya mzigo huo ijibiwe chini ya ujumbe ule. Anayetafuta kontena anaandika nambari yake kwenye kisanduku cha kutafutia, ujumbe ule unatokea, na akiufungua anauona uzi mzima.

Mwenye malori ni mtihani kidogo. Anabeba mizigo ya wateja watano, kwa hiyo ushawishi wa kumwingiza kwenye chaneli tano ni mkubwa. Usifanye hivyo. Hana haja ya kuona ankara ya bidhaa za mtu. Anahitaji kujua kontena ipi iko tayari na lori lifike geti saa ngapi. Mpe chaneli yake moja, `mteja-malori`, hata kama jina halimkai sawasawa, na kijana wa bandarini amwandikie humo. Kama mna wenye malori wawili, ziwe chaneli mbili, maana nao wanashindania bei.

Kuna jambo ambalo ningelibandika ukutani. Mgeni akiingizwa kwenye chaneli, anaona kila kilichowahi kuandikwa humo tangu siku ilipofunguliwa, na kila faili iliyowekwa. Haanzi kusoma kuanzia siku yake. Kwa hiyo chaneli ya zamani, hata iwe na jina la mteja huyo huyo, haifai kumpokelea mteja. Mfano: mfanyakazi anaomba kumwingiza mteja wa Kampala kwenye `matairi`, chaneli iliyotumika miezi sita. Mazungumzo huenda hivi:

"Mama, huyu wa matairi anataka kuona mwenyewe. Nimtie mle mle?"

"Mle tulimjadili deni lake la mwezi wa tatu. Fungua mpya, mwanangu, na ile ya zamani ibadilishe jina iwe ya ndani."

Ndivyo ifanyikavyo. Chaneli mpya inafunguliwa tupu, nyaraka anazopaswa kuziona zinapakiwa upya, na mgeni anaalikwa akiikuta safi. Hii si adabu tu. Nyaraka za forodha hubeba nambari za PIN, nakala za vitambulisho na simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamwajibisha yule anayezishika.

Hatua zenyewe za kualika ni fupi. Admini anabofya jina la ofisi, anachagua kualika watu, anaandika barua pepe, kisha anabadilisha aina ya mwaliko kutoka mwanachama kuwa mgeni. Anachagua chaneli, na anaweka muda wa akaunti kuisha. Huo muda usiuruke. Mteja wa mzigo mmoja mpe siku 60. Mzigo ukichelewa unaongezwa kwa dakika moja kwenye `Manage members`, kupitia nukta tatu mbele ya jina lake. Muda ukifika akaunti inazimwa yenyewe, na alichoandika kinabaki.

Kabla ya mteja wa kwanza, jialike mwenyewe. Tumia barua pepe yako nyingine, uingie kama mgeni wa chaneli moja kwenye chaneli ya majaribio, na ufungue kwenye simu. Upande wa chaneli unapaswa kuona moja tu. Tafuta neno unalojua limo kwenye `ndani-bei`, lisipatikane. Likipatikana, umealikwa kama mwanachama, au uko kwenye chaneli usiyoikusudia. Kama tayari kuna mteja aliyeingia kwa cheo kisicho chake, nukta tatu zile zile zina `Change account type`, na ukimshusha kuwa mgeni wa chaneli moja anaondolewa kwingine kote. Alichokwisha kukisoma, amekisoma.

Mteja mkubwa mwenye Slack yake ya kulipia ni habari nyingine. Huyo hahitaji kuwa mgeni wenu; chaneli moja inaunganishwa kati ya ofisi mbili kwa `Slack Connect`, na kila upande unasimamia watu wake.

Apu: idhini kwanza, kisha usafi wa zilizopo

Tangu mwanzo, mwanachama yeyote anaweza kuweka apu. Wageni hawawezi. Kwenye mpango wa bure mwisho ni apu kumi. Kwenye mpango wa kulipia hakuna dari hiyo, na ndiyo sababu zaidi ya kuweka mlango.

Nenda `Tools & settings`, `Manage apps`, kisha ukurasa wa mipangilio ya apu, uwashe `Require App Approval`. Mteue pia msimamizi wa apu. Si lazima awe admini, na katika ofisi ndogo ni bora awe yule mtu wa mitambo kuliko mama mwenye kampuni, ambaye atabofya kubali ili arejee kwenye kazi zake.

Ombi likija, msimamizi asiangalie jina la apu wala nyota zake, aangalie inachoomba. Kabla ya kuwekwa, Slack huonyesha ukurasa wenye mafungu mawili: apu itaweza kuona nini, na itaweza kufanya nini. Ukiyafungua utakuta ruhusa, na kwa kazi ya forodha tatu ndizo za kukodolea macho:

```
chat:write         kuandika ujumbe
files:read         kusoma faili
channels:history   kusoma mazungumzo ya chaneli za wazi
```

Ya kwanza peke yake si tatizo. Apu ya kukumbusha siku za bure za kuhifadhi kontena inahitaji kuandika tu. Inayotaka kusoma faili ndiyo ya kuuliza maswali, kwa sababu faili zenu ni ankara za watu. Na ya tatu inategemea apu inafanya kazi kwa jina la nani. Ikisoma kama boti, yaani kwa akaunti yake yenyewe, inaona zile chaneli ilizoingizwa tu. Ikisoma kwa niaba ya mtu aliyeiweka, inaona chaneli zote za wazi ambazo mtu huyo anaweza kuziona, na `ndani-bei` imo. Mfanyakazi anayeomba apu ya kupanga mikutano na ikataka kusoma historia kwa jina lake, mwambie atafute nyingine. Zipo.

Kuwasha idhini hakuziondoi apu zilizokwisha kuwekwa. Shuka kwenye orodha yake siku hiyo hiyo, fungua moja moja, muulize aliyeiweka kama bado anaitumia. Ambayo hakuna anayeijua, iondoe. Aliyekuwa akiitegemea atakuja mwenyewe ndani ya wiki.

Mfanyakazi akiacha kazi, kuna mpangilio wa kufuata. Apu zinazofanya kazi kwa niaba ya mtu hukatika akaunti yake inapozimwa, na ofisi hugundua pale taarifa za asubuhi za meli zinapoacha kuingia bila maelezo. Kwa hiyo kabla ya kuizima akaunti, pitia `Manage apps` uone alizoziweka, mwenzake aziweke upya kwa jina lake na zionekane zinafanya kazi. Baada ya hapo anayeondoka amwingize mwenzake huyo kwenye chaneli za faragha alizokuwa peke yake na mteja, kisha akaunti izimwe.